Kubadili maneno si kueleza upya: Jinsi mwanafunzi anavyoweza kuepuka wizi wa maandishi asioukusudia

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI anayenakili kurasa za kitabu na kuziita zake anajua anachokifanya. Kuna mwingine, na huyu ndiye anayewapa wasimamizi wa tasnifu kazi kubwa zaidi, ambaye amekaa na kitabu usiku kucha, amebadili neno moja baada ya jingine, ametaja jina la mwandishi mwishoni mwa aya, na bado kazi yake inarudishwa ikiwa na alama nyekundu na maneno "wizi wa maandishi".

Huyu wa pili hashangai kwa unafiki. Anaamini kwa dhati kwamba ameeleza jambo kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa tangu shule ya sekondari: chukua sentensi, tafuta visawe, badilisha.

Kosa lake lina jina katika taaluma ya uandishi. Mtaalamu wa Marekani, Rebecca Moore Howard, aliyeandika sana kuhusu suala hili tangu miaka ya 1990, alilipa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita uandishi wa viraka. Nguo ni ya mwenyewe wa kwanza, na mwanafunzi ameshonea tu viraka vya rangi nyingine.

Howard alitoa hoja kwamba mara nyingi uandishi wa namna hiyo ni dalili ya msomaji ambaye bado hajaielewa vizuri matini aliyoisoma, hivyo anaishikilia ili asipotee. Hata hivyo, kanuni za vyuo vingi hazitazami nia ya mwandishi pekee. Zinatazama pia karatasi iliyowasilishwa.

Makala haya yanaonyesha, kwa mfano mmoja, tofauti kati ya kubadili maneno na kueleza upya, na hatua ambazo mwanafunzi anaweza kuzifuata.

Kifungu cha mfano

Tuchukue mwanafunzi wa historia anayeandika kuhusu mpango wa karanga ulioendeshwa na Serikali ya Uingereza katika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili. Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya makala haya, na mwandishi wake tumwite Fulani, mwaka 2008, ukurasa wa 44:

"Mpango wa karanga ulishindwa kwa sababu waliouandaa hawakuifahamu ardhi ya Kongwa. Udongo wake wa mfinyanzi ulikuwa laini wakati wa mvua, lakini jua la kiangazi lilipowaka uligeuka mgumu kama saruji, karanga zikabaki zimefungwa chini. Mitambo iliyoletwa kufyeka vichaka iliharibika upesi, na mvua haikuwa ya kutegemewa. Serikali ya Uingereza ilipousitisha mpango huo Januari 1951, ilikuwa imepoteza takribani pauni milioni 36."

Mwanafunzi wetu anakiweka kitabu upande wa kushoto, daftari upande wa kulia, na anaandika hivi:

"Mradi wa karanga ulifeli kwa kuwa waliouanzisha hawakuijua ardhi ya Kongwa. Udongo wake wa mfinyanzi ulikuwa mwororo wakati wa masika, ila jua lilipochomoza uligeuka mkavu kama saruji, karanga zikabakia zimenaswa ardhini. Mashine zilizoletwa kukata vichaka ziliharibika haraka, na mvua haikuaminika. Serikali ya Uingereza ilipousimamisha mradi huo Januari 1951, ilikuwa imepoteza kama pauni milioni 36 (Fulani, 2008)."

Ukihesabu maneno yaliyobadilishwa, utaona ni mengi. "Mpango" umekuwa "mradi", "ulishindwa" umekuwa "ulifeli", "upesi" umekuwa "haraka". Chanzo nacho kimetajwa. Kosa basi liko wapi?

Mifupa ni ileile

Kosa la kwanza liko katika umbo. Fulani ana sentensi nne, na mwanafunzi ana sentensi nne. Fulani anaanza na sababu, anaingia kwenye udongo, anapita kwenye mitambo na mvua, anamalizia na fedha. Mwanafunzi amepita njia hiyohiyo hatua kwa hatua. Ndani ya kila sentensi, kiima, kitenzi na kishazi vimekaa palepale vilipokuwa. Kilichobadilika ni ngozi, lakini mifupa imebaki.

Kosa la pili liko katika tashbihi. Kusema kwamba udongo uligeuka "kama saruji" ni ubunifu wa Fulani. Si jina la kitu, wala si istilahi ambayo haina mbadala. Mwanafunzi ameichukua bila alama za nukuu, na msomaji atadhani ni yake.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza kuhusu maana ya kutaja chanzo. Mabano yenye jina na mwaka humwambia msomaji kwamba taarifa imetoka kwa Fulani. Kukosekana kwa alama za nukuu humwambia jambo jingine, kwamba sentensi hizi zimeundwa na mwanafunzi. Katika mfano wetu dai la kwanza ni kweli na la pili si kweli. Kwa sababu hiyo, kutaja chanzo peke yake hakukuitibu aya hiyo.

Kosa la tatu ni la maana, nalo huletwa na visawe vyenyewe. Fulani alisema jua la kiangazi "lilipowaka". Mwanafunzi, akitafuta neno jingine, ameandika "lilipochomoza" na kuliacha neno kiangazi. Kwa maneno yake, udongo wa Kongwa ulikuwa ukigeuka kila siku asubuhi! Vilevile, "mgumu" umekuwa "mkavu", na hayo ni mambo mawili tofauti. Udongo wa kichanga unaweza kuwa mkavu na bado karanga zikang'olewa kwa mkono bila shida. Ugumu ndio uliokuwa tatizo.

Hii ni alama nzuri ya kuutambua uandishi wa viraka. Mtu aliyeelewa kwamba tatizo lilikuwa ni kuvuna wakati ardhi imekakamaa asingeandika "lilipochomoza". Neno hilo limetoka kwenye orodha ya visawe, na wala halikutoka kwenye uelewa.

Kitabu kifungwe kwanza

Njia iliyo salama huanza kwa kukiondoa kitabu mbele ya macho. Mwanafunzi anayeandika huku anatazama sentensi ya mwingine hawezi kuikwepa sentensi hiyo, hata akijitahidi vipi. Jicho huiona, na mkono hufuata.

Basi asome kifungu mara mbili au tatu, mpaka aweze kumsimulia mwenzake bila kutazama. Akishindwa kusimulia, asianze kuandika, kwa sababu hajaelewa, na kitakachotoka kitakuwa viraka. Akiweza, akifunge kitabu na aandike vidokezo vifupi visivyo sentensi kamili. Kwa kifungu chetu vidokezo vingekuwa hivi: chanzo ni kutoijua Kongwa; mfinyanzi, kiangazi, kuvuna; mashine na mvua ni nyongeza; mwisho Januari 1951; hasara pauni milioni 36; Fulani 2008, uk. 44.

Vidokezo vya namna hiyo havina mifupa ya Fulani. Vina habari tu. Mwanafunzi akivirudia baada ya saa kadhaa, au kesho yake, atalazimika kuunda sentensi mwenyewe.

Jambo linalofuata husahaulika mara kwa mara. Mwanafunzi ajiulize anaihitaji habari hii kwa swali gani. Fulani alikuwa na lengo lake, naye mwanafunzi ana lake. Tuseme swali la insha ni kwa nini sababu za kushindwa kwa mpango huo zitazamwe tangu hatua ya kupanga. Hapo habari ya kutoijua Kongwa inakuwa nguzo, na habari ya mitambo inakuwa pembeni. Mpangilio unabadilika wenyewe, kwa sababu hoja imebadilika.

Rasimu ya kwanza, na kosa lake

Baada ya kufunga kitabu, mwanafunzi wetu anaandika rasimu. Ndani yake kuna maneno haya: "waliopanga kilimo hicho hawakuichunguza Kongwa kabisa". Sentensi ni yake, haina harufu ya Fulani. Lakini anapofungua kitabu kulinganisha, anagundua kwamba Fulani hakusema hivyo. Alisema hawakuifahamu ardhi. Kutofahamu na kutochunguza si jambo moja.

Katika historia halisi ya mpango huo tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 1946, kabla mpango haujaidhinishwa, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa Afrika Mashariki kuangalia kama kilimo hicho kingewezekana, nao ukatoa ripoti ya kuunga mkono. Kuandika kwamba hakuna aliyechunguza, kisha kumtaja Fulani kuwa ndiye aliyesema, kungekuwa kumsingizia.

Kwa hiyo, kulinganisha na chanzo baada ya kuandika kuna kazi mbili. Kunakamata maneno yaliyochukuliwa bila kujua, na kunakamata madai yaliyoongezwa bila kujua. Anayeruka hatua hii huponyoka shimo moja akatumbukia katika jingine.

Baada ya marekebisho, aya inasomeka hivi:

"Fulani (2008, uk. 44) anaonyesha kwamba tatizo lilitangulia mitambo na mvua, kwani waliopanga kilimo hicho hawakujua Kongwa ni mahali pa namna gani. Zao linalokomaa chini ya ardhi lilipelekwa kwenye mfinyanzi ambao hukakamaa msimu wa kiangazi, hivyo kulivuna kukawa shida. Kwa maelezo yake, mashine zilizoharibika na mvua zisizotabirika ziliongeza tu mzigo uliokwisha kuwapo. Hasara ilikuwa imefikia takribani pauni milioni 36 Uingereza ilipoachana na mpango huo Januari 1951."

Aya hii inasema alichosema Fulani, lakini haikupita njia yake. Tashbihi ya saruji haimo. Kama mwanafunzi anaipenda na anaona inamsaidia msomaji kuuona udongo huo, anaruhusiwa kuitumia, mradi aiweke ndani ya alama za nukuu: mfinyanzi uliogeuka "mgumu kama saruji". Maneno matatu tu yanatosha kuhitaji alama hizo, kwa kuwa ni maneno ambayo Fulani aliyabuni.

Maneno yasiyopaswa kubadilishwa

Msomaji makini ataona kwamba aya iliyo sahihi imebakiza maneno kadhaa ya chanzo: Kongwa, mfinyanzi, kiangazi, Januari 1951, pauni milioni 36. Hakuna kosa hapo. Majina ya mahali na watu, tarehe, takwimu na istilahi za fani si mali ya mwandishi yeyote. Mwanafunzi anayebadili "mfinyanzi" kuwa "tope" ili aonekane ameandika upya hajaepuka wizi. Ameharibu tu habari.

Kutokuwa mali ya mtu, hata hivyo, hakuondoi wajibu wa kutaja chanzo. Kwamba mpango wa karanga ulikuwapo na haukufanikiwa ni jambo linalojulikana na kila anayeisoma historia ya Tanganyika, wala halihitaji mabano. Kiasi cha hasara kinahitaji, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua nani alikihesabu. Na hoja kwamba chanzo cha yote kilikuwa kutoijua ardhi inahitaji zaidi, kwa kuwa hiyo ni tafsiri ya Fulani, na mwanahistoria mwingine anaweza kuipinga.

Aidha, mahali pa kuweka jina pana maana. Mwanafunzi aliyeandika aya ya sentensi sita na kuweka mabano mwishoni tu anamwacha msomaji akijiuliza kama sentensi zote sita ni za Fulani au ile ya mwisho peke yake. Katika aya yetu jina limewekwa mwanzoni, na katikati pakarudiwa "kwa maelezo yake". Msomaji anajua Fulani anaanzia wapi na bado anazungumza.

Kutafsiri nako si kueleza upya

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki mtego mkubwa zaidi uko kwenye lugha. Anasoma vitabu vya Kiingereza na kuandika tasnifu kwa Kiswahili, au anasoma tasnifu ya Kiswahili na kuandika makala kwa Kiingereza. Kwa kuwa hakuna hata neno moja linalofanana, anaamini kwamba yuko salama. Lakini mifupa huvuka mpaka wa lugha bila shida.

Kisa kilichojulikana duniani ni cha Pal Schmitt, aliyekuwa Rais wa Hungaria. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1992 ilihusu michezo ya Olimpiki. Mapema mwaka 2012 jarida moja la nchini mwake liliandika kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa tafsiri ya maandishi ya Kifaransa ya mtafiti wa Bulgaria, Nikolay Georgiev.

Kamati ya Chuo Kikuu cha Semmelweis cha Budapest ilipochunguza, ilikuta takribani kurasa 180, kati ya kurasa zaidi ya 200, zikifanana kwa sehemu na kazi ya Georgiev. Kamati hiyo ililaumu pia chuo chenyewe kwa kutoligundua jambo hilo mapema. Chuo kilimvua shahada hiyo Machi 2012, na Aprili 2 mwaka huohuo alitangaza kujiuzulu urais. Yeye alikuwa ameshikilia kwamba alifanya kazi yake kwa uaminifu.

Miongozo ya marejeleo nayo inastahili kusomwa kwa uangalifu hapa. Mtindo wa APA, katika toleo lake la saba lililotoka mwaka 2019, unaihesabu tafsiri ambayo mwandishi ameifanya mwenyewe kuwa ni maelezo kwa maneno mengine, wala si nukuu ya moja kwa moja. Maana yake ni kwamba haihitaji alama za nukuu. Haina maana kwamba haihitaji jina la mwenye mawazo.

Wala ruhusa hiyo haifikii kutafsiri ukurasa mzima, sentensi baada ya sentensi, na kuufanya kuwa sehemu ya tasnifu. Kwa hiyo dawa ni ileile: kusoma kwa Kiingereza, kukifunga kitabu, kuandika vidokezo kwa Kiswahili, kisha kuandika kutoka kwenye vidokezo. Pale ambapo sentensi ya mwandishi lazima itafsiriwe kama ilivyo, kwa mfano fasili ya istilahi, ni vyema kusema wazi kwamba ni tafsiri ya mwanafunzi, na kuuliza msimamizi idara inataka iandikwe namna gani.

Kipimo kabla ya kuwasilisha

Mwanafunzi anaweza kujipima mwenyewe kwa kalamu. Aweke aya yake kando ya chanzo, apigie mstari kila mfuatano wa maneno matatu au manne unaofanana, akiacha majina, tarehe na istilahi. Hesabu hiyo si sheria, ni chambo cha kuvutia macho. Kisha aandike namba kwenye kila hoja, katika maandishi yote mawili, aone kama 1, 2, 3, 4 ya Fulani imekuwa 1, 2, 3, 4 yake. Mwisho aulize kama Fulani, akiisoma aya hiyo, angekubali kwamba ndivyo alivyosema.

Kipimo hiki huona mambo ambayo programu za kompyuta huweza kuyakosa. Programu kama Turnitin hulinganisha maandishi na hazina kubwa ya maandishi mengine na kutoa asilimia ya mfanano. Asilimia hiyo si hukumu. Inaweza kupanda kwa sababu ya orodha ya marejeleo na nukuu zilizowekwa vizuri, na inaweza kuwa ndogo kwa aya ya viraka ambayo maneno yake yamebadilishwa mengi. Msimamizi aliyekisoma kitabu cha Fulani ataitambua aya hiyo bila programu.

Chanzo cha ajali kwa kawaida ni daftari

Makosa mengi yasiyokusudiwa hayazaliwi siku ya kuandika. Huzaliwa miezi miwili kabla, siku mwanafunzi aliponakili sentensi nzuri kwenye daftari bila alama za nukuu wala namba ya ukurasa, akidhani atakumbuka. Hakumbuki. Anapolifungua daftari anakuta maandishi kwa mwandiko wake mwenyewe, na mwandiko humdanganya.

Kinga yake ni ndogo: kila kilichonakiliwa neno kwa neno kiwe ndani ya alama za nukuu hapohapo, kila kidokezo cha maneno yake kiwe na herufi fulani pembeni, tuseme Y kwa maana ya "yangu", na vyote viwe na jina, mwaka na ukurasa. Anayetumia kompyuta anaweza kutenga rangi mbili za maandishi kwa kazi hiyohiyo.

Na kwa yule ambaye daftari lake tayari limechanganyika, na tarehe ya kuwasilisha imekaribia, sentensi ambayo hajui kama ni yake au ya kitabu airudishe kwenye kitabu aitafute. Asipoiona, na hana uhakika ilikotoka, aiondoe kwenye kazi yake na kuiandika upya hoja hiyo kutoka kwenye chanzo anachoweza kukitaja.